Nani alituambia tujinyooshe kwanza?

Wadau, leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakifanya bila kujiuliza. Jumamosi moja nilikuwa jimu na jamaa yangu mmoja. Alikuwa hajagusa chuma kwa wiki kama sita hivi, kazi na msiba vilimbana. Siku hiyo alifika amechelewa, akavua shati la juu, akanyanyua kilo 60 kutoka sakafuni mara mbili tatu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kilo 110, uzito aliouacha siku ya mwisho kabla ya likizo yake. Alipoinua mara ya pili akaachia chuma, akashika kiuno. Tulimtoa pale anatembea kama mzee wa miaka themanini.

Mwalimu wa mazoezi akamuuliza swali moja tu: "Ulijinyoosha?"

"Hapana, nilichelewa."

"Basi si umeona?"

Kesi ikafungwa hapo hapo. Watu wote wakatikisa vichwa, na mimi nikiwemo. Nilipofika nyumbani ndipo nikaanza kujiuliza. Hiyo hukumu imetolewa kwa ushahidi gani? Nani hasa alithibitisha kwamba mtu akijinyoosha kabla ya kunyanyua vyuma haumii? Nikaanza kufuatilia historia yake, na kusema kweli ni hadithi tamu, maana inaonyesha jinsi jibu la swali moja linavyoweza kuhamishwa likageuzwa kuwa jibu la swali jingine kabisa.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kuna kujinyoosha kwa kutulia: unainama unashika vidole vya miguu, unakaa hapo sekunde 20, 30 au zaidi, msuli unavutika na wewe hutikisiki. Halafu kuna kupasha misuli kwa mwendo: unarusha miguu mbele na nyuma, unachuchumaa na kusimama, unapiga hatua ndefu, unazungusha mabega, yaani mwili unafanya kazi huku viungo vikipita kwenye njia vitakayopita baadaye. Swali letu ni kama hiyo ya kwanza inapunguza majeraha kuliko hii ya pili.

Turudi nyuma hadi mwaka 1961. Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Herbert de Vries, alikuwa anahangaika na jambo ambalo kila aliyeanza mazoezi analijua, yale maumivu ya kesho yake. Umepiga tizi leo, kesho hata kushuka ngazi ni shughuli. De Vries alikuwa na nadharia yake. Alisema msuli usiozoea kazi unakosa damu ya kutosha, unauma, yale maumivu yanaufanya ukaze, na kukaza kule kunazidi kuibana damu, hivyo mduara unaendelea. Dawa yake? Ukiuvuta msuli taratibu na kutulia hapo, unakata ule mduara. Akawafanyisha watu kazi ngumu kwa mikono yote miwili, akanyoosha mmoja na kuuacha mwingine, akaona ule ulionyooshwa una nafuu.

Tazama vizuri hapo. Alichokuwa anatafuta ni maumivu ya baada ya mazoezi, wala si kuteguka, kuchanika msuli au kuumia mgongo.

Mwaka uliofuata, 1962, de Vries akachapisha utafiti mwingine ambao kwangu mimi ndio ufunguo wa hadithi yote. Enzi hizo watu walikuwa wanajinyoosha kwa kudundadunda: unainama, unajisukuma chini, unarudi, unajisukuma tena. Yeye akalinganisha mtindo huo na kunyoosha kwa kutulia. Akakuta yote miwili inaongeza unyumbufu kwa kiasi kilekile. Akapendekeza ule wa kutulia, kwa sababu mojawapo kwamba una hatari ndogo ya kuuvuta msuli kupita kiasi.

Kwa hiyo kujinyoosha kwa kutulia kuliitwa "salama" kwa maana kwamba ni salama kuliko kudundadunda. Hakuna mahali pale paliposema ni salama kuliko kutojinyoosha kabisa, wala kwamba kunamkinga mtu asiumie akibeba uzito. Lakini maneno yana miguu. "Ni salama kuliko ule mtindo mwingine" likatembea miaka kumi na kitu likafika likiwa "linakukinga usiumie".

Lilitembeaje? Miaka ya 1970 Wamarekani waliingiwa na homa ya kukimbia barabarani. Mwaka 1975 Bob Anderson na mkewe Jean, aliyechora picha, walitoa wenyewe kitabu chao cha kujinyoosha. Mwaka 1980 kikachapishwa upya na mchapishaji wa California na kikauzwa nakala kwa mamilioni duniani. Kilikuwa kitabu rahisi, chenye michoro ya mtu mmoja akifanya zoezi moja moja, kitu ambacho mwalimu yeyote wa michezo angeweza kukibandika ukutani. Kujinyoosha kabla ya mazoezi kukawa kama kunawa mikono kabla ya kula. Sisi wenyewe shuleni, baada ya mchakamchaka, tulipangwa mistari tukahesabu moja mpaka kumi tumeinama. Nani aliuliza kwa nini?

Wakati huohuo nadharia yenyewe ya de Vries ilikuwa inabomoka kimyakimya. Watafiti waliofuata walikuta kwamba maumivu ya kesho yake yanatokana zaidi na uharibifu mdogo mdogo ndani ya nyuzi za msuli na mwili kuushughulikia uharibifu huo. Kule kukaza alikokuwa anakuwazia hakukuthibitika. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa 2007 na kuongezewa 2011 yalikuta kwamba kujinyoosha, iwe kabla au baada ya mazoezi, kunapunguza maumivu hayo kwa takriban pointi moja au pungufu kwenye kipimo cha pointi 100. Pointi moja kati ya mia, ndugu msomaji, hata huihisi.

Haya, tuache maumivu ya kesho. Je, kuumia kwenyewe? Hapa inabidi tusafiri hadi Australia, kwenye kambi ya mafunzo ya jeshi ya Kapooka, jimbo la New South Wales. Jeshi lilikuwa na tatizo la kawaida la majeshi yote: vijana wanaingia mafunzoni wazima, wiki chache baadaye wanachechemea. Mtaalamu wa tiba ya viungo Rodney Pope na wenzake wakaona hapo ndipo mahali pa kuujaribu ule msemo. Kuruta wanakula pamoja, wanaamka pamoja, wanafanya mazoezi yaleyale, na akiumia mtu lazima iandikwe. Ukitaka kupima kitu kimoja tu, sehemu kama hiyo ni dhahabu.

Matokeo makubwa yalichapishwa mwaka 2000. Kuruta 1,538, wote wanaume, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Makundi yote mawili yalipasha mwili kwa mwendo kabla ya kila kipindi cha mazoezi. Tofauti ilikuwa moja: kundi la kwanza, watu 735, liliongeza kujinyoosha kwa kutulia, sekunde 20 kwa kila msuli, kwa misuli mikubwa sita ya miguu, likisimamiwa. Kundi la pili, watu 803, halikujinyoosha. Hivyo kwa wiki 12.

Walioumia miguu katika kundi lililojinyoosha walikuwa 158. Katika kundi lisilojinyoosha walikuwa 175. Ukisoma haraka utasema aha, 158 ni ndogo kuliko 175. Lakini kumbuka makundi hayakulingana idadi. Piga hesabu: 158 katika 735 ni kama 21.5 kwa kila watu mia, na 175 katika 803 ni kama 21.8 kwa kila mia. Hiyo tofauti ni kama hakuna. Kilichotabiri nani ataumia kilikuwa kingine: umri, na hasa utimamu wa mwili siku waliyoripoti kambini, uliopimwa kwa kukimbia kwenda na kurudi mita 20 kwa kasi inayoongezeka. Waliofika wakiwa hawana mazoezi ndio walioumia zaidi.

Nimeupenda utafiti huu kwa sababu unajibu swali letu karibu neno kwa neno. Haukulinganisha kujinyoosha na kukaa kitako, ulilinganisha kupasha kwa mwendo pamoja na kujinyoosha, dhidi ya kupasha kwa mwendo peke yake, na kile kilichoongezwa hakikuongeza kinga inayoonekana. Ila tuwe waaminifu, una mipaka yake. Ukiangalia majeraha ya misuli na kano peke yake, namba ziliegemea kidogo upande wa kujinyoosha, lakini si kiasi cha kuweza kusema haikuwa bahati tu. Na hawa walikuwa askari wanaokimbia na kutembea na mizigo, hawakuwa wanabeba kilo 110 kutoka sakafuni. Mwaka 2002 Rob Herbert na Michael Gabriel waliunganisha matokeo ya majaribio ya jeshi hilo katika jarida la kitabibu la Uingereza, wakakadiria kwamba mtu wa kawaida angehitaji kujinyoosha kwa miaka 23 ili kuzuia jeraha moja.

Kwa nini kitu kinachoonekana cha busara namna hii kisifanye kazi? Maelezo yanayoniingia akilini ni mawili. La kwanza, msuli mara nyingi hauchaniki kwa sababu ulivutwa kupita urefu wake wa mwisho. Unaumia ukiwa katikati ya urefu wake wa kawaida, wakati unafanya kazi ya kuzuia mzigo huku unarefuka, kama misuli ya paja unaposhuka na chuma. Kuongeza urefu wa mwisho hakusaidii mahali ambapo hukufika. La pili, watafiti wa Denmark, Peter Magnusson akiwa mmoja wao, walionyesha miaka ya 1990 kwamba mtu akizoezwa kujinyoosha kwa wiki kadhaa anainama zaidi hasa kwa sababu amezoea ile hali ya kuvutika, wakati msuli wenyewe ukivutwa unakaza vilevile kama zamani. Unajisikia umelegea, lakini kilicholegea zaidi ni kengele ya tahadhari.

Sasa tuingie jimu kwenyewe. Mwaka 1998 Kokkonen na wenzake huko Marekani walipima uzito wa juu kabisa ambao watu wanaweza kuinua mara moja kwa kukunja na kunyoosha goti, kisha wakawapima tena baada ya kujinyoosha kwa muda mrefu. Nguvu zilishuka kwa asilimia 7 hadi 8. Mwaka 2013 Jeffrey Gergley akafanya kitu kinachotuhusu zaidi. Alichukua vijana wenye uzoefu wa vyuma, akawapima kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani. Siku moja walipasha kwa mwendo tu, siku nyingine walipasha kwa mwendo wakaongeza kujinyoosha kwa kutulia. Walipojinyoosha, uzito waliokadiriwa kuweza ulishuka kwa kama asilimia 8, na uthabiti wao chini ya chuma ukashuka pia. Ni watu wachache, lakini wanafanya zoezi lilelile tunalofanya sisi.

Hata hivyo tusigeuze hii kuwa vitisho. Mapitio ya Kay na Blazevich ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba hasara hiyo inaonekana wazi pale msuli mmoja unaponyooshwa zaidi ya sekunde 60. Chini ya sekunde 45 hasara ni ndogo mno au haipo. Kwa hiyo mtu anayejishika kifundo sekunde 20 hajajiharibia siku. Anayekaa dakika tatu kwenye kila paja kisha akaenda chini ya chuma kizito ndiye anayejipunguzia nguvu kwa hiari yake.

Na kupasha kwa mwendo je? Hapa ndipo wengi wanaporuka ua. Wanasema kutulia hakufai, hivyo mwendo unakinga. Polepole! Ushahidi mzuri wa kupasha kwa mwendo unatoka kwenye soka. Huko Norway, katika matokeo yaliyochapishwa 2008, wasichana wachezaji 1,892 wa miaka 13 hadi 17 walifuatiliwa msimu mzima. Klabu zilizotumia programu ya dakika 20 ya kukimbia, kuruka, mizani ya mwili na mazoezi ya nguvu zilikuwa na majeraha pungufu kwa takriban theluthi moja. Lakini ndani ya ile programu kuna mazoezi ya nguvu. Na mapitio ya Lauersen na wenzake ya 2014, yaliyokusanya majaribio 25 yenye watu zaidi ya 26,000, yalikuta kujinyoosha hakupunguzi majeraha ya michezo, ila mazoezi ya nguvu yaliyashusha hadi chini ya theluthi moja. Kwa maneno mengine, kunyanyua vyuma chenyewe, kukifanywa kwa mpangilio, ni kinga kubwa kuliko yote tunayofanya kabla ya kunyanyua.

Majaribio haya makubwa yamefanywa kwa askari, wakimbiaji na wanasoka. Mtu akikwambia imethibitishwa kwamba kupasha kwa mwendo kunapunguza majeraha ya wanyanyua vyuma kwa asilimia kadhaa, muombe akuonyeshe. Ninachoweza kusema kwa ujasiri ni hiki: kujinyoosha kwa kutulia hakujaonyesha kwamba kunakinga, na kukizidi kunapunguza nguvu. Kupasha kwa mwendo hakupunguzi nguvu, kunapandisha joto la msuli, na kuna faida moja ambayo kutulia hakuna: kunakupa nafasi ya kugundua tatizo wakati uzito bado mdogo.

Tuchukue mfano. Tuseme leo unataka kufanya skwati ya kilo 80, mara tano. Unaanza na dakika tano za baiskeli au kuruka kamba, mpaka kijasho chembamba kianze kutoka. Kisha skwati 10 bila uzito, kurusha kila mguu mara 10 mbele na nyuma, hatua ndefu nane kila mguu. Hapo zimepita kama dakika nane. Sasa chuma kitupu cha kilo 20, mara 10. Kilo 40, mara tano. Kilo 55, mara tatu. Kilo 70, mara moja au mbili. Pumzika dakika mbili tatu, ndipo kilo 80.

Hizo hatua za 20, 40, 55 na 70 ndizo kupasha kwenyewe, maana ni zoezi lilelile kwa uzito mdogo. Na ni kipimo pia. Kama goti lilikuwa gumu kwenye kilo 20, likalegea kwenye 40 na kusahaulika kwenye 55, huo ni ugumu wa kawaida, endelea. Kama kuna sehemu moja inachoma, na inachoma zaidi kila unapoongeza, huo si ugumu, shusha uzito au acha zoezi hilo siku hiyo. Na kama kilo 55 za leo zina uzito wa 70 za wiki iliyopita, mwili umechoka. Ukubali kufanya kazi na 65.

Na kama kifundo chako kimekaza mpaka huwezi kushuka bila visigino kuinuka? Hapo kunyoosha kigimbi kwa kutulia kuna kazi, kwa sababu kuna njia ambayo mwili unahitaji kuipita na haupiti. Nyoosha sekunde 20 hadi 30, halafu pasha kwa mwendo kama kawaida. Ile ya muda mrefu iweke jioni au siku ya mapumziko.

Sasa turudi kwa jamaa yangu. Siwezi kuapa ni nini kilimuumiza, jeraha la mtu mmoja halina jibu la uhakika. Lakini tulipomhukumu kwa kutojinyoosha, tuliacha mambo mawili mezani. Alikuwa nje wiki sita, akarudi kwenye uzito uleule wa mwisho. Na alitoka kilo 60 akaruka hadi 110, kilo 50 kwa mara moja, bila kupita 80 wala 95. Kama angefika mapema akainama dakika kumi, akashika vidole vya miguu, kisha akafanya hivyohivyo, sioni ushahidi kwamba mgongo wake ungesalimika. Tena jambo baya ni hili: angeondoka akiamini alijikinga.

Nilimwambia haya alipoweza kukaa kwenye kiti. Akacheka kidogo, kucheka nako kulikuwa kunamuuma. Akaniambia, "Kwa hiyo sikukosea kuchelewa?" Nikamwambia ulikosea, ila si kwa sababu tuliyokupa.

Aliporudi jimu alianza na kilo 40, akipanda kidogo kila wiki. Mwalimu bado anamuuliza kila siku kama amejinyoosha. Na yeye, kwa heshima, anajibu ndiyo mwalimu, kisha anakwenda kuchukua chuma kitupu.

Nyie wadau mnaopiga tizi, huko kwenu mnaanzaje? Na nani aliwafundisha?